Tone la Kulegeza Jicho: Kwa Nini Mtoto Hupimwa Miwani kwa Dawa

Nyuma ya mboni ya jicho kuna lenzi ndogo iliyo laini, na kuizunguka kuna msuli wa duara. Mtu anapotazama mbali, msuli huo hulegea na lenzi hutandazika. Anapoinamia daftari, msuli hujikaza, lenzi huvimba kidogo, na maandishi ya karibu hukaa sawa. Kwa mtu mzima wa miaka 50 kazi hiyo imekwisha kuwa ngumu, ndiyo maana husogeza gazeti mbali na uso. Kwa mtoto mambo ni kinyume kabisa. Lenzi yake ni laini mno na msuli wake una nguvu kupita kiasi, hata anaweza kusoma kitu kilichowekwa sentimita 10 tu kutoka puani.

Nguvu hiyo ni neema kwa mtoto, lakini kwa anayempima miwani ni kikwazo. Nguvu za lenzi hupimwa kwa daiopta. Lenzi ya daiopta 1 hukusanya mwanga wa kitu cha mbali umbali wa mita 1, na ya daiopta 2 huukusanya kwenye nusu mita. Miwani mingi ya watoto haizidi daiopta 3 au 4. Mtoto wa darasa la pili anaweza kujiongezea zaidi ya daiopta 10 kwa msuli wake peke yake, bila kujua kwamba anafanya hivyo. Kumpima katika hali hiyo ni sawa na kumpima uzito mtu anayeng'ang'ania meza kwa mkono mmoja: mzani utatoa namba, lakini namba hiyo si uzito wake.

Anayejificha zaidi nyuma ya msuli huo ni mtoto mwenye jicho fupi. Jicho lake halijarefuka vya kutosha, kwa hiyo mwanga hukusudia kukusanyika nyuma ya kioo cha ndani cha jicho badala ya juu yake. Mtu mzima mwenye kasoro hiyo angeona ukungu. Mtoto hukaza msuli, akafidia upungufu wote, na akasoma ubao wa herufi hadi mstari wa chini. Mzazi huondoka ameridhika. Gharama yake huonekana kwingine: kichwa kuuma jioni, kusoma ukurasa mmoja kisha kuacha kitabu, kupepesa na kufikicha macho, au jicho moja kuanza kuingia ndani. Kengeza hilo hutokea kwa sababu msuli wa kulenga na ile misuli inayogeuza macho kuelekea puani hufanya kazi pamoja. Ukikazwa mmoja kupita kiasi, nayo hukazika.

Mashine ya kupimia, ile ambayo watu huita kompyuta ya macho, haimalizi tatizo hili. Mtoto huweka kidevu, anachungulia ndani, na kuna picha ya nyumba au puto mwishoni mwa barabara. Watengenezaji waliweka picha ionekane iko mbali ili msuli ulegee. Mtoto lakini anajua kwamba anatazama ndani ya kisanduku kilicho mbele ya pua yake, naye hukaza. Ndiyo maana mashine hiyo, bila dawa, huwa na tabia ya kumtangaza mtoto kuwa haoni mbali wakati macho yake ni mazima, au hata yana kasoro ya upande wa pili.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha jambo linavyokwenda. Msichana wa miaka 9, darasa la nne, analetwa kwa sababu kichwa humuuma kila akitoka shule na ubao haukai sawa. Katika duka la miwani kompyuta imetoa hasi 1.25 jicho la kulia na hasi 1.00 la kushoto. Hasi, au minasi kama wasemavyo dukani, ni lenzi za asiyeona mbali. Miwani ikatengenezwa. Ubao ukawa wazi zaidi kwa siku chache, lakini kichwa kikazidi kuuma.

Katika kliniki ya macho anapimwa tena kwa mashine mara tatu mfululizo. Jicho la kulia linatoa hasi 0.50, kisha hasi 1.75, kisha hasi 1.00. Mashine ni nzima. Kinachobadilika ni msuli unaokaza na kulegea, na namba inayorukaruka hivyo kwa mtoto ni dalili ya kwanza kwamba jicho halijatulia. Anatiwa matone. Baada ya dakika 40 mpimaji anazima taa, anakaa nusu mita mbele yake, na kupitisha mwanga mwembamba kwa retinoskopu, kifaa kinachofanana na tochi ndogo. Ndani ya mboni unaonekana mng'ao wa rangi ya chungwa. Mwanga ukisogezwa kulia, mng'ao nao unakwenda kulia, kumaanisha jicho linahitaji lenzi za chanya. Mpimaji anaweka mbele ya jicho lenzi moja baada ya nyingine hadi mng'ao usitembee tena bali ujaze mboni yote kwa mara moja. Hilo linatokea kwenye chanya 4.50. Kwa kuwa amekaa nusu mita, anatoa daiopta 2.00 za umbali huo, na inabaki chanya 2.50. Jicho la kushoto nalo ni hivyo hivyo.

Kumbe msichana huyu hakuwa haoni mbali. Macho yake ni mafupi, msuli ulikuwa umekazwa hadi ukakwama, na ile miwani ya hasi ilimlazimisha aukaze zaidi. Tofauti kati ya kilichosemwa na kompyuta na hali halisi ni karibu daiopta 4. Kosa la namna hiyo haligunduliki kwa kubadilisha duka wala kununua mashine ya bei kubwa, bali kwa kuulegeza msuli.

Dawa zinazofanya kazi hiyo ni tatu. Inayotumika zaidi kliniki ni saiklopentoleti, kwa kawaida ya asilimia 1, na ya asilimia 0.5 kwa mtoto mchanga. Msuli hulegea kikamilifu baada ya dakika 30 hadi 45, na hali hurudi ndani ya siku moja hivi. Tropikamaidi hufanya kazi haraka na kuisha baada ya saa chache, ila kwa watoto wadogo wenye jicho fupi au kengeza mara nyingi haitoshi. Atropini ndiyo yenye nguvu kuliko zote na ndiyo kongwe. Frans Donders, daktari wa Utrecht nchini Uholanzi aliyechapisha mwaka 1864 kitabu chake kikubwa kuhusu ulengaji wa jicho, aliitumia katika vipimo vyake. Jamaa za atropini zimo pia katika mnanaha, mmea unaojulikana pwani kwa mbegu zake za kulevya. Aliyewahi kumwona mtu aliyekula mbegu hizo, mboni zimepanuka na mdomo umekauka, ameona kazi ya dawa hii ikiwa imezidi kipimo.

Katika macho ya rangi nyeusi au kahawia iliyoiva, ambayo ndiyo ya watoto karibu wote wa Afrika Mashariki, dawa huchelewa. Rangi iliyo kwenye duara linalozunguka mboni huifyonza na kuishikilia, kisha huiachilia polepole. Kwa hiyo tone moja mara nyingi halitoshi. Hutiwa la pili baada ya dakika 5 hadi 10, na kwa wengine la tatu. Kwa sababu hiyo hiyo ukungu huweza kuchukua muda zaidi kuisha kwao kuliko ulivyoandikwa kwenye karatasi ya dawa.

Kosa linalofanyika sana ni kuangalia mboni ikiwa imepanuka na kuanza kupima papo hapo. Mboni hutangulia na msuli hufuata. Kwenye dakika ya 20 mboni inaweza kuwa pana kama kifungo cha shati huku msuli bado unavuta. Mpimaji mzuri hutazama mng'ao wa retinoskopu huku akimwambia mtoto atazame mbali, kisha atazame kidole kilicho karibu. Mng'ao ukibadilika, msuli haujalegea na kusubiri kunaendelea. Mzazi naye anaweza kujionea: mtoto ambaye bado anasoma maandishi madogo ya kitabu kwa urahisi hayuko tayari. Isipokuwa awe na macho yasiyoona mbali, maana huyo maandishi ya karibu humkaa sawa hata msuli ukiwa umelala.

Sasa kuhusu kuchoma. Machozi hayana uchachu, ilhali saiklopentoleti huchanganywa katika maji yenye uchachu kidogo ili isiharibike chupani. Tone likigusa jicho, huwasha kama sabuni ya kuogea. Makali hupungua ndani ya nusu dakika na kwa kawaida kufikia dakika moja yamekwisha. Kinachomtisha mtoto zaidi ni tone la pili, kwa sababu la kwanza limeshamfundisha. Kwa hiyo ni vizuri macho yote mawili yatiwe moja baada ya jingine bila kusita, kabla mtoto hajaanza kubishana.

Kliniki nyingi hutanguliza tone la ganzi, kama proksimetakeini, dakika moja hivi kabla. Nalo huwasha, ila kidogo na kwa sekunde chache, na baada yake saiklopentoleti haisikiki sana. Ganzi ina faida nyingine: jicho lisilowaka halitoi machozi mengi, kwa hiyo dawa haioshwi nje. Mzazi anaweza kuuliza kama ipo. Iliyobaki ni kumzuia mtoto asifikiche macho kwa dakika 20 hivi, kwa kuwa jicho lenye ganzi linaweza kukwaruzwa na kucha bila kuhisi.

Mtoto anayefumba macho kwa nguvu hana haja ya kupigwa mwereka. Alazwe chali, kichwa kiwe sawa, macho yamefumbwa, kisha tone lidondoshwe kwenye kona ya ndani ya jicho, pembeni mwa pua. Litatuama hapo kama umande. Aambiwe afumbue taratibu, nalo litajitiririsha ndani lenyewe. Hata akifumbua baada ya nusu dakika, tone huwa bado lipo. Mtoto mdogo zaidi hulazwa mapajani: mama na muuguzi wameketi wakitazamana, magoti yamegusana, miguu ya mtoto iko kiunoni mwa mama na kichwa kiko kwa muuguzi. Mama hushika mikono. Kazi yote haichukui hata dakika moja.

Kumwambia mtoto kwamba haiumi ni kosa lenye gharama, kwa sababu ataamini neno hilo mara moja tu, na matone ni zaidi ya moja. Afadhali aambiwe, “Itawasha, tutahesabu pamoja mpaka ishirini, kisha itapoa.” Kuhesabu kuna manufaa kwa sababu kunampa mwisho anaoweza kuuona. Kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi na kuwekwa juu ya kope zilizofumbwa husaidia pia. Maji yasimwagwe ndani ya jicho, maana yataiosha dawa na kazi itaanza upya.

Baada ya tone, kidole cha mzazi kibonyeze kona ya ndani ya jicho, pale kwenye kijishimo kando ya pua, kwa dakika moja au mbili. Hapo ndipo ulipo mfereji unaopeleka machozi puani na kooni. Ukizibwa, dawa hubaki jichoni na kidogo tu huingia katika damu, na mtoto hasikii ule uchungu kooni. Dawa iliyomwagikia shavuni ipanguswe, na mikono ioshwe. Kuna akina mama ambao jioni wamestuka kuona mboni moja ya jicho lao wenyewe imepanuka, na sababu ni kidole kilichogusa dawa ya mtoto kisha kikafikicha jicho.

Dawa ikiingia mwilini kwa wingi, saiklopentoleti huweza kumfanya mtoto asinzie ghafla, au kinyume chake achangamke kupita kawaida, aongee maneno yasiyoungana au ayumbe anapotembea. Hutokea kwa wachache na huisha baada ya saa kadhaa, lakini ni sababu tosha ya kutoharakisha kutoka kliniki. Mtoto mwenye kifafa, ugonjwa wa moyo au aliyezaliwa kabla ya wakati atajwe kabla ya tone la kwanza, ili kipimo cha dawa kipangwe.

Atropini hutiwa nyumbani kwa siku tatu hivi kabla ya kupimwa, kwa ratiba aliyotoa daktari, na kwa hiyo mzazi ndiye mlinzi. Dawa hii huzuia jasho. Katika joto la Mombasa au Dar es Salaam mtoto asiyetoka jasho hupata homa haraka. Uso ukiwa mwekundu au mkavu na wa moto, mdomo ukikauka, moyo ukienda mbio au mtoto akiwa hatulii, dawa isimamishwe na apelekwe hospitali bila kungoja. Chupa ifungiwe mahali pa juu, kwa kuwa mtoto mdogo akiinywa anaweza kufa.

Ukungu unaofuata hauna hatari, lakini unahitaji kupangiwa. Kwa saiklopentoleti, siku iliyobaki haifai kwa kazi za shule, na si busara kuchagua siku ya kuamkia mtihani. Kwa atropini ukungu hudumu wiki moja hadi mbili, kwa hiyo likizo ndiyo wakati wake, au mwalimu aandikiwe barua. Mtoto anayeona ukungu hata wa mbali asishangaze: ni yule mwenye jicho fupi ambaye msuli wake umeacha kumsaidia, na kiasi cha ukungu huo ndicho alichokuwa akikificha siku zote. Mwanga nao humuumiza, kwa kuwa mboni iliyo wazi haiwezi kujibana. Kofia yenye ukingo hufanya kazi nzuri kuliko miwani ya jua ya mchezo, na mwavuli wa mama unatosha. Baiskeli iwekwe kando, barabara avushwe kwa kushikwa mkono, na ngazi zipandwe polepole. Redio, hadithi na mazungumzo yatamfaa kuliko simu, ambayo ataisogeza mbali na uso kama babu yake.

Namba iliyopatikana kwa dawa si lazima iwe namba ya miwani. Mtoto mwenye kengeza la kuingia ndani kwa kawaida hupewa chanya yote iliyopimwa, kwa kuwa lengo ni kuuondolea msuli kila sababu ya kukaza, na baadhi yao macho hunyooka kwa miwani peke yake. Yule msichana wa darasa la nne hana kengeza. Anaweza kuandikiwa chanya 1.50 badala ya 2.50, ili msuli uliozoea kazi uachiwe sehemu yake. Wiki za kwanza atalalamika kwamba miwani inaweka ukungu ubaoni, kwa sababu msuli bado unajikaza kwa mazoea. Hilo hutarajiwa, na hurudishwa kuangaliwa baada ya wiki chache. Uwezo wa kusoma herufi na mkao wa macho vyote hupimwa kabla ya dawa, kwani baada yake havionyeshi hali ya kila siku.

Mtu mzima kwa kawaida hahitaji matone haya kwa ajili ya miwani, na kijana aliyekwisha kupimwa kwa dawa na namba yake ikatulia huenda asiyahitaji kila mwaka. Lakini mtoto anayepimwa kwa mara ya kwanza, mwenye kengeza, mwenye jicho moja lisiloona vizuri kama jingine, au ambaye namba zake zinarukaruka, asikatiwe lenzi kwa karatasi ya kompyuta pekee. Kabla ya kulipia miwani, mzazi aulize kama kipimo kilifanyika kwa matone, na dawa gani. Na ikiwa ni saiklopentoleti, mboni ikibaki kubwa baada ya siku tatu, mtoto arudishwe kliniki.